Nondo iliyobanwa kati ya kuta mbili: jinsi ya kukokotoa mkazo unaoletwa na joto

Nondo ya feleji iliyolazwa mezani ikapashwa moto sawasawa hutanuka, na ndani yake hakuna mkazo wowote, mradi hakuna kinachoizuia kurefuka. Nondo hiyo hiyo ikiwekwa kati ya kuta mbili zisizosogea hairefuki hata kwa unene wa unywele, na hapo ndipo inapojaa mkazo. Jambo hili huwatatiza wengi wanapoanza, kwa kuwa wamezoea kanuni ya Hooke, ambayo inaufunganisha mkazo na badiliko la urefu: urefu ukibadilika pana mkazo, usipobadilika hapana. Penye joto mambo huonekana kana kwamba yamepinduka, kwani iliyorefuka ndiyo isiyo na mkazo, na ambayo haikurefuka ndiyo inayousukuma ukuta kwa nguvu ya tani kadhaa.

Kanuni ya Hooke haijavunjika. Mkazo hautokani na badiliko la urefu tunaloliona, bali na tofauti kati ya urefu ambao nondo ingekuwa nao kama ingeachwa huru katika halijoto ile na urefu ambao kuta zimeilazimisha kubaki nao. Hesabu yote iliyo hapa chini imejengwa juu ya wazo hilo moja: kwanza unaiacha nondo itanuke kwa uhuru katika mawazo, kisha unairudisha nyuma kwa kuisukuma mpaka iingie katika nafasi iliyopo.

Nitatumia nondo moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni nondo laini ya feleji ya kawaida, ya mviringo, yenye urefu wa milimita 1000 na kipenyo cha milimita 30. Imewekwa katikati ya kuta mbili nene katika halijoto ya nyuzi 20, upande mmoja ukigusa ukuta na upande wa pili ukiwa na mwanya wa milimita 0.3. Baadaye nondo inapashwa mpaka nyuzi 90, huku kuta zikibaki na ubaridi wake. Tunataka kujua mkazo utakaokuwamo ndani ya nondo, nguvu itakayofika ukutani, na kama nondo itabaki imenyooka.

Hatua ya 1: Kusanya takwimu, na uulize kila moja ilipimwa katika halijoto gani

Feleji ya kawaida hutanuka kwa takribani sehemu 12 katika milioni ya urefu wake kwa kila nyuzi moja ya ongezeko la halijoto. Hiki ndicho kizigeu cha mtanuko, nacho huandikwa kwa alama α. Moduli yake ya unyumbufu, E, yaani kipimo cha jinsi inavyokataa kubadilishwa urefu, ni takribani megapaskali 200,000. Megapaskali moja ni sawa na nyutoni moja kwa kila milimita ya mraba, kwa hiyo ukifanya hesabu yote kwa nyutoni na milimita, mkazo utatoka wenyewe kwa megapaskali bila kuhesabu sifuri. Kikomo cha unyumbufu, yaani mkazo ambao ukipitwa nondo hairudi tena katika umbo lake la kwanza, tutakichukua kuwa megapaskali 250, ambacho ni cha kawaida kwa feleji ya ujenzi isiyo ngumu.

Kinachoingia katika hesabu ni ongezeko la halijoto, si halijoto yenyewe. Kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 90 ni ongezeko la nyuzi 70. Nimewahi kuona mtu mwangalifu kabisa akijumlisha 273 kwenye 70 hizo kwa sababu alifundishwa kwamba fomula za joto zinataka kelvini. Alipata mkazo karibu mara tano ya ule wa kweli. Ongezeko la nyuzi 70 za Selsiasi ni ongezeko la kelvini 70 zile zile, na hakuna cha kujumlisha.

Mwanya nao una halijoto yake. Ukiambiwa mwanya ni milimita 0.3, uliza ulipimwa lini. Nondo hii hurefuka milimita 0.012 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo mwanya uliopimwa mchana nondo ikiwa na nyuzi 30 ungekuwa mkubwa zaidi kwa milimita 0.12 kama ungepimwa nondo ikiwa na nyuzi 20. Jambo hili linaonekana dogo, lakini tutakapofika mwisho utaona kwamba sehemu hizo za kumi za milimita ndizo zinazoamua kila kitu.

Swali la mwisho la hatua hii ni kama kuta zitapata joto pia. Ikiwa kuta zimeshikwa na fremu ya feleji ile ile, na fremu inapata joto sawa na nondo, basi nafasi kati ya kuta inapanuka kwa kiasi kile kile na hakuna mkazo unaozaliwa, hata kama kila kitu kimefika nyuzi 90. Fremu ikipanda kwa nyuzi 30 tu wakati nondo imepanda kwa 70, ni tofauti ya nyuzi 40 inayobaki kufanya kazi. Katika mfano wetu kuta hazipati joto, na hiyo ndiyo hali mbaya zaidi kati ya hizo tatu.

Hatua ya 2: Iache nondo itanuke kwa uhuru

Sahau ukuta wa pili kwa dakika moja. Mtanuko huru ni kizigeu mara ongezeko la halijoto mara urefu:

```
α × ΔT × L = 0.000012 × 70 × 1000 = 0.84 mm
```

Hatua ya 3: Toa mwanya

Nondo ilitaka kurefuka milimita 0.84, na ilikuwa na nafasi ya milimita 0.3. Kilichozuiwa ni milimita 0.54.

Kabla ya kuendelea, hakikisha kwamba nondo imefika ukutani kweli. Mtanuko huru ukiwa mdogo kuliko mwanya, jibu ni sifuri na kazi imekwisha. Ukiendelea kuingiza namba kwenye fomula utapata mkazo wa alama ya kinyume, kana kwamba ukuta unaivuta nondo, jambo ambalo ukuta usioshikana nayo hauwezi kulifanya. Katika mfano wetu mwanya unajaa baada ya nyuzi 25 za ongezeko, kwa kuwa 0.3 ikigawanywa kwa 0.012 ni 25. Maana yake ni kwamba kuanzia nyuzi 20 hadi nyuzi 45 nondo iko huru kabisa, na ni zile nyuzi 45 zinazofuata, kuanzia 45 hadi 90, zinazozaa mkazo. Iweke kando halijoto hiyo ya kugusa, kwa sababu tutairudia.

Hatua ya 4: Isukume irudi, na upate mkazo

Sasa chukua nondo ambayo katika mawazo imepenya ukuta kwa milimita 0.54 na uisukume irudi mpaka ienee. Badiliko la urefu likigawanywa kwa urefu wa mwanzo ndilo linaloitwa mnyumbuko, na mnyumbuko ukizidishwa kwa moduli unatoa mkazo:

```
mnyumbuko = 0.54 / 1000 = 0.00054
mkazo     = 200000 × 0.00054 = 108 MPa
```

Ni mkazo wa mgandamizo, kwa kuwa nondo inabanwa. Unaweza kuuthibitisha kwa njia ya pili: kila nyuzi moja inayozuiwa kikamilifu inazaa 200,000 × 0.000012, yaani megapaskali 2.4, na nyuzi 45 zilizozuiwa zinatoa 108 ile ile. Ningeomba kila mtu anayefanya kazi na feleji akariri hiyo 2.4, kwani inamwezesha kupima jibu kichwani kabla hajashika kalamu.

Fomula kamili, ikiunganisha hatua hizi tatu, ni hii:

```
σ = E × (α × ΔT − mwanya / L)
```

Ndani yake hakuna eneo la mkato. Nondo nene na nondo nyembamba za feleji moja, zenye urefu na mwanya ule ule, zina mkazo ule ule. Anayedhani ataupunguza mkazo kwa kuweka nondo nene zaidi amehamisha kanuni ya mizigo na kuileta mahali ambapo hakuna mzigo. Mzigo unaoning'inizwa una ukubwa wake na hugawanywa kwa eneo. Hapa nguvu inazalishwa na nondo yenyewe, na nondo nene huzalisha nguvu kubwa zaidi kwa uwiano ule ule wa eneo lake.

Urefu nao hutoweka pale ambapo hakuna mwanya. Ndiyo sababu reli za treni zilizochomelewa kwa kilomita nyingi bila mapengo hazina mkazo mkubwa kuliko kipande kifupi kilichobanwa kwa ukamilifu: kila mita inabanwa na mita jirani yake kwa kiwango kile kile. Lakini mwanya ukiwapo urefu unarudi, kwa sababu mwanya wa milimita 0.3 ni nafuu kubwa kwa nondo ya mita moja na si kitu kwa nondo ya mita kumi.

Kinachobadilisha mambo ni nondo isiyokuwa na unene mmoja. Chukua nondo yetu, ondoa mwanya, kisha punguza nusu ya urefu wake kutoka kipenyo cha milimita 30 hadi 20. Nguvu ni moja katika nondo yote, kwani vipande viwili vinavyosukumana vinasukumana kwa nguvu sawa, lakini inapita katika maeneo mawili tofauti. Nguvu hiyo inakuwa takribani kilonyutoni 73. Mkazo katika sehemu nene ni megapaskali 103, na katika sehemu nyembamba ni 233. Kabla ya kuchongwa, nondo nzima ingekuwa na megapaskali 168 kwa joto lile lile bila mwanya. Sehemu nene inatanuka na kuikandamiza nyembamba. Basi ukiona shingo, mfuo au sehemu iliyochongwa hesi katika nondo iliyobanwa, usitumie fomula ya nondo sawa. Tafuta nguvu kwanza, kisha igawanye kwa eneo la kila sehemu.

Hatua ya 5: Geuza mkazo kuwa nguvu, kisha uuhoji ukuta

Eneo la mkato wa nondo ya kipenyo cha milimita 30 ni milimita za mraba 707. Ukizidisha kwa megapaskali 108 unapata nyutoni 76,300, yaani kilonyutoni 76, ambazo ni sawa na uzito wa karibu tani nane. Nguvu hiyo inafika kwenye kila ukuta kupitia duara la milimita 30, na mara nyingi ukuta ndio unaoanza kulalamika: zege linapasuka, bamba linabonyea, boliti zinavutika.

Hapa ndipo neno "usiosogea" linapotakiwa kuchunguzwa. Ukakamavu wa nondo yenyewe, yaani nguvu inayohitajika kuifupisha kwa milimita moja, ni E × A / L, na kwa nondo yetu ni kilonyutoni 141 kwa milimita. Ukuta unastahili kuitwa usiosogea ikiwa ukakamavu wake ni mkubwa mno ukilinganishwa na huo. Kuta zote mbili kwa pamoja zikiwa kakamavu mara kumi ya nondo, nguvu inashuka kutoka kilonyutoni 76 hadi 69, na mkazo kutoka 108 hadi 98. Zikiwa na ukakamavu sawa na nondo, nguvu inakatika nusu kabisa. Kwa hiyo kudhani kwamba kuta hazisogei ni kukosea kwa upande wa usalama, na mimi huiacha dhana hiyo ilivyo isipokuwa pale ambapo jibu linanilazimisha kutafuta nafuu. Hata hivyo haikubaliki kuchukua nafuu ya ukuta unaobonyea kwenye hesabu ya nondo bila kuhakikisha kwamba ukuta wenyewe unaweza kubonyea kiasi hicho bila kuvunjika.

Hatua ya 6: Uliza kama nondo itabaki imenyooka

Wengi huishia kwenye hatua iliyopita. Wanalinganisha 108 na kikomo cha 250, wanaona nafasi kubwa, wanafunga daftari. Kwa nondo fupi na nene wako sahihi. Kwa nondo ndefu, swali la kikomo cha unyumbufu linakuja la pili, kwa sababu kitu chembamba kinachobanwa kutoka ncha mbili hupinda kama upinde kabla hakijachoka, kama rula ya plastiki inayosukumwa kati ya viganja viwili.

Fomula ya mkazo unaoleta kupinda huko ilitolewa na Leonhard Euler mwaka 1744. Inahitaji kitu kinachoitwa wembamba, λ, ambao ni urefu wa kupinda ukigawanywa kwa kipimo cha mkato ambacho kwa nondo ya mviringo ni robo ya kipenyo. Kwetu robo hiyo ni milimita 7.5. Ikiwa ncha za nondo ziko huru kugeuka, urefu wa kupinda ni urefu wote, milimita 1000, na wembamba ni 133:

```
σ_E = π² × E / λ²
σ_E = 9.87 × 200000 / 133.3² = 111 MPa
```

Mkazo wetu ni 108, na mkazo wa kupinda ni 111. Kwenye karatasi nondo imepona, lakini tazama kilichoiponya. Tofauti ya megapaskali 3 katika nondo ya mita moja ni sawa na milimita 0.015 za mwanya, au zaidi kidogo ya nyuzi moja ya joto. Hakuna fundi anayeupima mwanya wa namna hiyo kwa usahihi huo, na hakuna nondo iliyonyooka kikamilifu kama Euler alivyoitaka. Nondo yenye mpindo mdogo wa kiwandani huanza kujipinda taratibu muda mrefu kabla ya kufika 111. Jibu la kweli la hesabu hii ni kwamba nondo haina salama yoyote, hata kama alama ya "ndogo kuliko" imeelekea upande unaotakiwa.

Mtu anaweza kujitetea kwamba ncha hazigeuki kwa sababu zimekaa bapa ukutani. Kama kweli ncha zimeshikwa zisigeuke kabisa, urefu wa kupinda unakuwa nusu, wembamba unashuka hadi 67, na fomula ya Euler inatoa megapaskali 444. Namba hiyo imepita kikomo cha 250, na maana yake ni kwamba fomula imetoka katika uwanja wake. Kwa feleji hii Euler haaminiki chini ya wembamba wa takribani 89, na kinachotawala hapo ni kikomo cha unyumbufu. Lakini ncha iliyokatwa kwa msumeno, iliyogusana na ukuta kwa upande mmoja kwanza, si ncha iliyoshikwa. Mimi huihesabu ncha kuwa imeshikwa iwapo tu imechomelewa kwenye bamba nene au imezama ndani ya ukuta kwa kina cha kutosha. Ncha yenye mwanya, ambayo kwa nyuzi 25 za kwanza haikugusa kitu, haimo katika kundi hilo.

Ukiweka fomula ya Euler sawa na ile ya mkazo wa joto, E inafutika pande zote mbili, na unabaki na ongezeko la halijoto lililozuiwa ambalo nondo itapinda nalo:

```
ΔT_kupinda = π² / (α × λ²)
```

Kwa nondo yetu ni nyuzi 46. Ukijumlisha nyuzi 25 za mwanya unafika 71, yaani nondo inapinda ikiwa na nyuzi 91, moja tu juu ya zile tunazozikusudia. Kwa kuwa E haimo, feleji ngumu ya bei kubwa na feleji laini hupinda katika joto lile lile. Alumini inafundisha zaidi. Kila nyuzi inayozuiwa inaipa alumini takribani megapaskali 1.6 tu dhidi ya 2.4 za feleji, na mtu anaweza kuichagua akidhani amepata nafuu. Lakini kizigeu chake ni karibu 23 katika milioni, na hicho ndicho kilichobaki kwenye fomula ya kupinda. Nondo ya alumini ya vipimo vile vile ingeujaza mwanya baada ya nyuzi 13 na kupinda baada ya nyuzi nyingine 24, yaani ikiwa na nyuzi 57 hivi. Mkazo umepungua na nondo imepinda mapema zaidi.

Je, nondo ikipinda huanguka? Hapana, na hii ndiyo tofauti kati ya joto na mzigo. Nguzo inayobeba paa ikipinda, paa linaifuata chini. Nondo iliyobanwa kwa joto ikipinda inapata urefu iliokuwa inautafuta, kwa kupitia kando, na nguvu inakaa karibu pale pale ilipokuwa. Kinachoshangaza ni ukubwa wa upinde. Ikiwa ufupisho uliobaki baada ya kuanza kupinda ni e, katikati ya nondo inasogea kando kwa takribani:

```
a = 0.64 × √(e × L)
```

Fikiria kwamba aliyefunga nondo alisahau mwanya. Kilichozuiwa ni milimita 0.84, nondo inaanza kupinda ikiwa imefupishwa milimita 0.555, zinabaki 0.285. Weka kwenye fomula na unapata karibu milimita 11 za kusogea kando, kutokana na chini ya theluthi ya milimita moja ya urefu. Upinde huo unaleta mkazo wake wa kupinda, ambao ukijumlishwa na 111 unapita kikomo cha 250 kwa mbali, kwa hiyo hesabu ya unyumbufu inakuwa ya kukadiria tu, na nondo ikipoa haitanyooka kabisa. Ukikuta nondo baridi iliyolegea kati ya kuta, ina mpindo wa milimita chache katikati na alama za kusagika kwenye ncha, umeikuta nondo ambayo tayari imepitia hali hii.

Iko pia hali ya nondo fupi isiyoweza kupinda, ambayo imechomelewa ncha zote mbili bila mwanya na kupashwa kupita kiasi. Inafika kikomo cha 250 baada ya nyuzi 104 za ongezeko. Ukiipandisha hadi 150, zile nyuzi 46 za ziada hazikuongeza mkazo. Zimeifupisha nondo moja kwa moja. Ikirudi kwenye halijoto ya mwanzo inakuta imekuwa fupi kuliko nafasi yake, na kwa kuwa imechomelewa inavutwa kwa takribani megapaskali 110. Nyufa za chomelea zinazoonekana asubuhi baada ya mtambo kupoa mara nyingi zina asili hii, na anayezitafutia sababu kwenye joto la mchana pekee hataipata.

Hatua ya 7: Chagua dawa kwa kujua inagusa namba ipi

Kwa nondo yetu ziko njia tatu, na hazifanani. Ya kwanza ni kuongeza mwanya. Kila sehemu ya kumi ya milimita inaondoa megapaskali 20, kwa hiyo mwanya wa 0.6 ungeushusha mkazo hadi 48 na nguvu hadi kilonyutoni 34. Hii ndiyo dawa ya kweli, kwa kuwa inagusa chanzo, ikiwa kazi ya nondo inaruhusu mchezo huo inapokuwa baridi.

Ya pili ni kuweka mshikio katikati, pete inayoizuia nondo isiende kando huku ikiiacha iteleze kwa urefu. Mkazo unabaki 108 na ukuta unapata kilonyutoni 76 zake kama kawaida, lakini urefu wa kupinda umekuwa nusu na hatari ya upinde imeondoka. Pete hiyo isiibane nondo kwa msuguano, la sivyo umeongeza ukuta wa tatu.

Ya tatu, ambayo hupendekezwa mara nyingi kuliko inavyostahili, ni kuongeza unene. Kipenyo cha milimita 40 kinapandisha mkazo wa kupinda hadi 197, na hilo ni jema. Mkazo wa joto unabaki 108 kama tulivyoona. Lakini nguvu ukutani inaruka kutoka kilonyutoni 76 hadi 136. Umeiokoa nondo kwa kuutoza ukuta.

Hatua ya 8: Hakiki mwanya kwa kutumia joto lenyewe

Kwa kuwa kila kitu kimening'inia kwenye mwanya, nisingeuamini kwa kipimo cha mara moja cha visahani vyembamba vya kupimia nafasi, hasa pale ncha ya nondo isipokuwa bapa. Njia bora ni kuipasha nondo polepole kwa mara ya kwanza, kipimajoto kikiwa kimefungwa kwenye nondo yenyewe na si hewani, huku kisahani cha milimita 0.05 kikiwa ndani ya mwanya. Kisahani kinapaswa kukamatwa mwanya ukiwa umebaki 0.05, yaani baada ya nondo kurefuka milimita 0.25, na hiyo ni kwenye nyuzi 41 hivi. Kikikamatwa kwenye nyuzi 35, nondo imerefuka milimita 0.18 tu, na mwanya wa kweli ulikuwa 0.23 badala ya 0.3, mkazo wa mwisho utakuwa megapaskali 122, na nondo itapinda kabla ya kufika nyuzi 90. Kikikamatwa juu ya nyuzi 41, ama mwanya ni mkubwa kuliko ulioandikwa, ama kuta nazo zinapata joto na kuachana, na kipimajoto cha pili kwenye ukuta kitakuambia ni lipi kati ya hayo mawili.

Baada ya kukitoa kisahani, nyoosha uzi kando ya nondo kutoka ncha hadi ncha na upime nafasi ya katikati kila baada ya nyuzi tano. Nafasi hiyo ikianza kubadilika kwa zaidi ya milimita moja au mbili, zima moto hapo hapo, kwani kutoka milimita mbili hadi kumi na moja nondo haihitaji joto jingi.